UZI: Mama mdogo anasoma risala kwa mara ya kwanza, naomba msaada wa kumwekea alama za kupumua kwenye karatasi

binti_alizeti
Habari za jioni wakuu. Mama mdogo wangu ni katibu wa kikundi cha vikoba huku Singida na Jumamosi ya wiki ijayo Mkuu wa Wilaya anakuja kuwazindulia mashine ya kukamua alizeti, sasa risala anasoma yeye. Ana miaka 46 na hajawahi kushika maiki maisha yake yote. Jana nimemsikiliza akisoma sebuleni, mistari mitatu ya kwanza anaenda vizuri halafu pumzi inakata katikati ya neno, anavuta hewa kwa sauti, anakimbia kufidia, sauti inapanda, mpaka mwisho wa ukurasa hata mimi niliyeichapa sielewi anasema nini. Nimewahi kuona watangazaji wana mistari mistari kwenye karatasi zao, hapa pumua, hapa kaza, hapa polepole. Nataka nimfanyie hivyo ila sijui naanzia wapi. Sentensi inayomtesa kuliko zote ni hii:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi chetu kilianzishwa mwaka 2019 kikiwa na wanachama 12 na hadi kufikia leo kina wanachama 31 ambao kati yao wanawake ni 27 na wanaume ni 4 na kwa kipindi chote hicho kikundi hakijawahi kuchelewesha rejesho hata moja la mkopo wa shilingi 8,450,000 tulioupata kutoka halmashauri."

chuma_cha_reli
Dada pole, hiyo ni kigugumizi cha ukubwani, mdogo wangu alikuwa nayo. Mpeleke hospitali ya mkoa aulizie mtaalamu wa matamshi, msimlazimishe kusoma kabla hajaonwa.

binti_alizeti
Hapana kaka, hana kigugumizi, anaongea vizuri sana sokoni na kwenye vikao vyao. Shida ni karatasi na watu wengi.

mwalimu_wa_drama
Mimi nafunza wanafunzi huku Nakuru kwa mashairi ya kukariri kwa kikundi, na hii mambo ya kumark script ndiyo kazi yangu kila mwaka tamasha za drama zikikaribia. Rahisi sana. Kila mkato apumue kidogo, kila nukta apumue kabisa. Maneno mazito piga mstari mwekundu ayapaze kwa nguvu. Na kabla aanze avute pumzi ndefu sana ajaze kifua, hiyo inatuliza woga. Nani kama yeye.

Mzee wa Studio
Nimeusoma uzi wote. Nilisoma taarifa ya habari redioni miaka 19 na karatasi zangu zote zilikuwa na penseli, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Mwalimu hapo juu yuko sawa nusu. Mkato na nukta ni alama za macho, mwandishi anaziweka kwa ajili ya sarufi, pafu halijui sarufi. Hebu tazama hiyo sentensi ya binti, ina mkato mmoja tu pale baada ya mgeni rasmi, kisha maneno arobaini na kitu bila kituo chochote mpaka nukta. Ukimwambia apumue kwenye mikato atakufa katikati. Halafu ukurasa huo huo pengine juu kuna itifaki, mheshimiwa fulani, mkato, ndugu fulani, mkato, wazee wetu, mkato, akipumua kwenye kila mmoja kifua kinajaa hewa juu ya hewa na hana pa kuitoa. Mtu mwenye woga mara nyingi hewa anayo tele, ila anavuta mpya kabla hajaitoa ya zamani, ndiyo maana anahisi anabanwa. Kwa hiyo ile ya kuvuta pumzi ndefu sana kabla ya kuanza mimi siikubali, mabega yanapanda na koo linakaza. Aitoe kwanza, yote, taratibu mdomoni, halafu aache hewa iingie yenyewe. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza mwandikie neno moja kubwa, TOA.

Sasa alama. Usianze kuziweka wewe. Msimamishe, siyo kukaa, asimame kama atakavyosimama siku hiyo, asome kwa sauti ukurasa mzima mara moja, na wewe ukiwa na nakala yako weka kidoti cha penseli kila alipovuta hewa. Hivyo vidoti ndiyo ramani ya pafu lake. Binti wa miaka 20 akimwekea mama wa miaka 46 alama kwa pafu lake mwenyewe atamuua. Ukishapata kidoti, rudi nyuma maneno matatu manne mpaka pale maana ilipokamilika kidogo, hapo ndiyo unaweka mkwaju. Yaani anapumua kabla hajaihitaji hewa, akingoja mpaka aihitaji ameshachelewa.

binti_alizeti
Shikamoo mzee wangu, asante sana. Sasa "pale maana ilipokamilika kidogo" napajuaje? Manake kila sehemu naona kama panafaa.

Mzee wa Studio
Marahaba mwanangu. Angalia maneno madogo. Pale penye na, lakini, kwa sababu, kwamba, ili, ambao, mkwaju unakaa KABLA yake, hauwi baada. Watu wengi wanasema "tunaamini kwamba" wanapumua halafu wanaendelea, hiyo inakata. Sema tunaamini / kwamba.

Na kuna mahali ambapo hapapumuliwi hata iweje. Usitenganishe kitu na mwenye kitu, rejesho / la mkopo, mashine / ya kukamua, haifai. Wala namba na kile inachohesabu, wanachama / thelathini na mmoja, hapana.

Jingine, lugha yetu maneno yake ni marefu. "Tumefanikiwa" peke yake ni silabi sita. Kwa hiyo usihesabu maneno ukasema nampa maneno kumi kwa pumzi moja, mpe matano mpaka saba, akiwa na woga hata manne ni sawa.

pwani_tulivu
Hapo kwenye pasipopumuliwa ndipo nataka kuchangia. Sisi tuliosoma madrasa hii tumeizoea tangu utotoni, msahafu umejaa alama za kusimamia juu ya mstari. Ipo mimu ndogo, hapo lazima usimame. Ipo jimu, hapo ni hiari yako. Na ipo lamu-alifu, ambayo inakukataza, usisimame hapa maana itaharibika. Nilipokuwa mdogo nikifundishwa hapa Tanga hiyo ya kukataza ndiyo iliyonisaidia zaidi, kwa sababu mtoto pumzi ikimwishia anasimama popote, sasa akiiona ile anajua avumilie mpaka mbele au apumue kabla ya kufika. Risala si Kurani, siifananishi, ila nina maana mama mdogo naye awekewe alama ya "usisimame". Mimi nikisoma taarifa ya shule huwa nachora upinde chini kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, kama daraja, yaani haya maneno ni kitu kimoja, usishuke katikati ya daraja.

Mzee wa Studio
Mama, umenena. Na sisi studio tulikuwa na huo upinde. Mtu mwenye woga ukimpa mikwaju tu anaiona kila mahali anasimama kila mahali, upinde ndiyo unaomsukuma kwenda mbele.

mwalimu_wa_drama
Nimekubali hiyo ya pumzi mzee, lakini mkazo je? Bila kupaza sauti watu hawatasikia neno la maana. Wanafunzi wangu bila rangi nyekundu wanasoma kama wanasoma lebo ya dawa.

Mzee wa Studio
Mkazo upo, ila wa Kiswahili haupatikani kwa kupaza. Mkazo wa neno letu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hilo mama mdogo halikosei hata usingizini, kwa hiyo usimpigie mstari silabi, mpigie neno zima. Halafu mwonyeshe kwamba kukaza ni vitu viwili, kakimya kadogo kabla ya neno, na kuivuta kidogo hiyo silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "hatujawahi" kawaida, halafu sema hatuja-WAAA-hi bila kuongeza sauti. Umeona tofauti? Maiki ipo, haina haja ya kelele, na mwenye woga akipaza sauti inapanda juu na haishuki tena.

Neno moja kwa pumzi moja, basi. Na chagua lile jipya, lile ambalo mgeni hakulijua kabla. "Mheshimiwa" halihitaji mstari, amelisikia mara mia siku hiyo. Ila angalia sana maneno ya kukanusha, hatuja-, haki-, hawaja-, msomaji akikimbia anazimeza hizo silabi za mwanzo na maana inageuka kichwa chini. Hakijawahi kuchelewesha ikisikika "kijawahi kuchelewesha" mbele ya Mkuu wa Wilaya ni balaa.

mwalimu_wa_drama
Kwa mashairi bado nitatumia nyekundu na kupaza, jukwaani bila maiki hakuna namna. Lakini kwa risala na maiki sawa, nimeona.

kaka_emsii
Samahani naingilia, mimi nina sendi ofu Ijumaa, nahusika kama emsii na baba wa binti harusi ameniomba nimsaidie hotuba, yeye tatizo lake hataki kusoma kabisa anasema ataongea kutoka moyoni, sasa huyo namwekeaje alama?

pwani_tulivu
Huyo kaka huwezi kumwekea alama pasipo karatasi. Mwandikie kadi tu, sentensi ya kwanza, majina ya watu atakaowataja, na sentensi ya mwisho. Ukikwama fungua uzi wako, hapa tusimpoteze binti.

Fundi Maiki
Niongeze ya karatasi yenyewe maana mimi ni mtu wa spika, nasimama pembeni naona wengi wanavyoanguka. Chapeni herufi saizi 18, nafasi kati ya mistari mara mbili, upande mmoja tu wa karatasi. Theluthi ya chini ya ukurasa iacheni wazi, mtu akisoma mpaka chini kabisa kidevu kinashuka kifuani, koo linajikunja na sauti inatoka nje ya maiki, nayaona hayo kila wiki. Sentensi isivuke ukurasa, kama haitoshi ihamie yote mbele. Msipige pini, karatasi isukumwe pembeni taratibu, kugeuza kunapiga kelele kwenye maiki kama bati. Na msimpe karatasi laini mkononi, ikitetemeka anaiona, akiiona anatetemeka zaidi. Ibanie kwenye faili gumu.

Kalamu nyekundu chini ya turubai la bluu inageuka kama nyeusi, nimeshaona. Tumieni penseli nyeusi laini au peni nyeusi ya wino mzito.

binti_alizeti
Asanteni sana wote. Nimefanya. Nimemsimamisha, nimeweka vidoti, nikachora alama zote usiku. Leo kasoma... imekuwa mbaya zaidi. Anasimama kila mkwaju kama daladala kwenye vituo, na pale nilipoandika "polepole" pembeni anapita kasi ile ile, mara moja akaisoma kabisa kwa sauti "polepole". Nimehesabu alama, ukurasa mmoja zina karibu sitini.

Mzee wa Studio
Sitini ni nyingi sana mwanangu, jicho lake linasoma alama badala ya kusoma habari. Futa, ndiyo maana tunatumia penseli.

Baki na hivi. Mkwaju mmoja / ni kakimya kafupi, hapumui, anafunga mdomo tu. Mikwaju miwili // ndiyo anapumua. Upinde pale tu alipowahi kukatika, kama hajawahi kukatika hapo usimchoree. Mstari chini ya neno, moja kwa pumzi. Na kwisha.

Kuhusu polepole, usiandike neno lolote ambalo halisomwi, maana mwenye woga anasoma kila anachokiona. Badala yake ivunje mistari. Pale unapotaka aende taratibu, weka fungu moja la maneno kwenye mstari wake peke yake, uache nafasi, kisha fungu jingine. Jicho likifika mwisho wa mstari lazima lisafiri kurudi mwanzo, huo mwendo peke yake unampunguza, hata asipojua. Na usifanye hivyo ukurasa mzima. Fanya sehemu tatu tu: namba, majina ya watu, na lile ombi la mwisho. Ombi ndilo wanaloliua wengi, wanaona mwisho umekaribia wanakimbia kwenda kukaa, wakati risala yote imeandikwa kwa ajili ya hilo ombi.

Namba ziandike kwa maneno. Akiona 8,450,000 anasimama kuhesabu sifuri.

Sentensi yako mimi ningeivunja hivi, herufi kubwa ndiyo mstari wa chini maana hapa siwezi kuchora:

Mheshimiwa mgeni rasmi, //
kikundi chetu kilianzishwa mwaka elfu mbili KUMI NA TISA /
kikiwa na wanachama kumi na wawili. //
Leo / tuko THELATHINI NA MMOJA, /
wanawake ishirini na saba, wanaume wanne. //
Halmashauri ilitukopesha //
shilingi milioni NANE /
laki nne /
na elfu hamsini. //
Mpaka leo / HATUJAWAHI //
kuchelewesha rejesho hata moja. //

Utaona nimebadilisha maneno. Mkopo nimeuleta mbele, "ambao kati yao" nimelitupa, hakijawahi nimeifanya hatujawahi kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Sentensi mbovu haiponi kwa alama. Ukikuta fungu linahitaji mikwaju mitano ujue ni la kuandika upya, siyo la kuchora.

pwani_tulivu
Mzee, hapo kwenye HATUJAWAHI // kuchelewesha mimi sikubaliani. Umemwambia apumue katikati ya kitenzi na kitenzi chake, hiyo kwangu ni pale pa lamu-alifu, msikilizaji atabaki hewani hatujawahi nini? Ningeweka mkwaju baada ya "mpaka leo", kisha hatujawahi kuchelewesha rejesho yote daraja moja, halafu / hata moja.

Mzee wa Studio
Nimemwacha hewani makusudi, mgeni akibaki hewani anasikiliza. Ila ni kweli kwa msomaji wa mara ya kwanza ni hatari, akipumua hapo na woga ukamkamata anaweza asirudi. Mimi ningefanya kwa sauti yangu. Mwanangu mjaribishe zote mbili, umrekodi kwenye simu, asikilize mwenyewe achague.

Fundi Maiki
Na akisharekodi msikilize mwisho wa kila sentensi. Woga unainua mwisho wa sentensi kama anauliza. Pale tu unaposikia imepanda weka mshale mdogo wa kushuka juu ya neno la mwisho. Siyo kila sentensi.

binti_alizeti
Nimerekodi. Ya mama wa Tanga ndiyo kaichagua, ile ya mzee alisema "nikisimama hapo nitasahau tulikuwa tunasema nini". Alama zimebaki kumi na tisa kwa ukurasa. Mzee, urefu je? Risala ina maneno 410.

Mzee wa Studio
Kwa mwendo huo mimi napigia maneno 90 mpaka 100 kwa dakika, kwa hiyo ni dakika nne na kidogo. Akimaliza chini ya tatu na nusu ujue kaziruka alama. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumpima bila kumkosoa, weka saa tu.

kaka_emsii
Mwambie pia vigelegele. Akina mama wa kikundi watapiga vigelegele akitaja mashine, kwa vyovyote. Asiongee juu yake.

binti_alizeti
*(Jumapili)*
Wakuu, jana imepita. Dakika nne na sekunde kumi. Alianza kwa kutoa hewa kama mzee alivyosema, nilimwona mabega yakishuka. Namba kazisoma vizuri mno, elfu hamsini ilisikika mpaka nje ya turubai.

Ila vigelegele havikuja kwenye mashine, vilikuja kwenye "hatujawahi kuchelewesha rejesho", hata hajafika "hata moja". Hapo sikuwa nimeweka chochote. Alinyamaza, akainua macho kuwaangalia wenzake, na aliporudi kwenye karatasi akawa amepoteza mstari, kama sekunde sita saba hivi anatafuta. Halafu akaanza upya kutoka "Mpaka leo", akasoma yote mpaka "hata moja", wakapiga tena.

Ombi la umeme wa njia tatu kalisoma mstari kwa mstari kama lilivyochapwa. Mkuu wa Wilaya alikuwa anaandika.

Mzee wa Studio
Hongera sana mfikishie. Kurudi mwanzo wa fungu ndiyo sahihi, nani alimfundisha?

binti_alizeti
Hakuna. Nimemuuliza, anasema aliona mikwaju miwili mwisho wa mstari wa juu ndiyo akajua pa kuanzia.

Fundi Maiki
Mara nyingine kidole cha mkono wa kushoto kikae pembeni ya mstari muda wote. Faili likiwa gumu hakionekani kutoka mbele.

pwani_tulivu
Binti, hiyo karatasi usiitupe. Kama haikulowa wala kuchanika ningeomba upige picha uiweke hapa, nina mwanafunzi wa kidato cha nne anasoma risala ya wahitimu mwezi ujao na pafu lake ni dogo kuliko la mama mdogo.

binti_alizeti
Nitaiweka kesho mama, anayo yeye, kaiweka kwenye Biblia.